Baika, bomba na resa: jaketi la ngozi husomwa kuanzia kwenye zipu

Kwenye meza za mitumba pale Karume, Dar es Salaam, karibu kila jaketi jeusi la ngozi huitwa baika. Jina hilo limebeba majaketi matatu yasiyofanana: baika lenyewe, bomba na resa. Anayenunua kwa macho, jaketi likiwa mkononi, anaweza kuishi bila kujua tofauti. Anayeagiza kwa jina kupitia simu, au anayetaka jaketi la kupandia pikipiki kila siku, akikosea jina ameletewa nguo nyingine kabisa.

Njia rahisi ya kuyatofautisha ni kujiuliza upepo unazuiwa wapi. Alfajiri kwenye barabara ya Kilwa utamwona dereva wa bodaboda amevaa jaketi nyuma mbele, mgongo wa jaketi ukiwa kifuani kwake. Ana sababu nzuri. Ngozi haipitishi upepo, lakini meno ya zipu yanapitisha, na zipu iko katikati ya kifua pale pale upepo unapopiga. Kwa kuligeuza jaketi ameipeleka zipu mgongoni. Walioshona majaketi haya matatu walikuwa na tatizo hilo hilo, na kila mmoja alilitatua kwa namna yake.

Baika ni jibu la mwendesha pikipiki. Mfano wake wa kwanza uliojulikana sana ni Perfecto, ulioshonwa na kampuni ya Schott ya New York mwaka 1928. Zipu yake haishuki katikati. Inaanzia chini karibu na kiuno na kupanda kwa mshazari hadi karibu na bega. Ukiifunga, upande mmoja wa kifua unalala juu ya mwingine, kwa hiyo katikati ya kifua kuna ngozi mbili na meno ya zipu yamesogea pembeni. Mshazari una faida nyingine: ukiinama kushika usukani, zipu iliyonyooka hujikunja na kuchoma tumbo, lakini ya mshazari inalala pamoja na mwili.

Kwa kuwa sehemu ya juu ya kifua inaweza kuachwa wazi, baika lina kola pana inayokunjuka kama ya koti la suti. Angalia ncha za kola hiyo, utakuta vifungo vya chuma vya kubonyeza. Si mapambo. Kola pana ikiachwa huru kwenye mwendo hupepea na kumchapa mtu shingoni na kidevuni, ndiyo maana inabanwa. Pindo la chini ni fupi, linaishia kwenye mfupa wa nyonga, na mara nyingi lina mkanda wenye bizimu ili upepo usipande kutokea chini. Ukilivaa umesimama mbele ya kioo litaonekana fupi mno. Ukikaa kama uliye juu ya pikipiki ndipo linakaa mahali pake. Kasoro yake ni hilo bizimu: mtu akiinama, linakwaruza tenki la mafuta.

Bomba halina uhusiano na bomba la maji. Jina limetoka kwa ndege za kivita za kudondosha mabomu, na jaketi lilikuwa la askari wa anga. Jeshi la anga la Marekani lilianza kutumia A-2, jaketi la ngozi la marubani, mwaka 1931, na majaketi mengi ya bomba ya leo yamechukua umbo lake. Zipu imenyooka katikati. Upepo unazuiwa na ulimi mrefu wa ngozi ulioshonwa nyuma ya zipu, kutoka kola hadi chini. Ukikuta zipu ya katikati, fungua na utafute ulimi huo. Mabomba mengi ya bei ya chini hayana, na hapo upepo unapita moja kwa moja hadi kwenye shati.

Alama ya bomba inayoonekana kwa mbali ni lastiki ya kufuma kwenye pindo na kwenye mikono. Inabana kiuno, na sehemu ya juu ya jaketi inatuna kidogo. Kola ndiyo inayobadilika: A-2 ina kola ya ngozi kama ya shati, G-1 ya jeshi la majini ina kola ya manyoya, na MA-1 iliyokuja baadaye, ambayo kitambaa chake ni nailoni wala si ngozi, ina kola fupi ya lastiki, kwa sababu kola kubwa ilikuwa inagombana na mikanda ya parachuti. Kwa hiyo usilitambue bomba kwa kola. Litambue kwa pindo.

Lastiki hiyo ndiyo inayozeeka kwanza. Ngozi inaweza kuwa nzima kabisa huku pindo limelegea kama soksi ya zamani au limetobolewa na nondo. Ivute kwa vidole viwili halafu uiachie: ikirudi mara moja, bado ina maisha. Fundi anaweza kuibadilisha, ila juu ya pikipiki lastiki ina udhaifu usiotibika. Ukiinama inapanda na kuuacha mgongo wazi.

Resa ni mdogo wao, na ndilo linalochanganywa zaidi na baika. Lilikua Uingereza miaka ya 1950 na 1960, kwa vijana waliokuwa wakishindana kwa pikipiki kati ya mkahawa mmoja na mwingine, Ace Cafe ya London ikiwa maarufu zaidi. Wao walitaka kuondoa kila kitu kinachopepea. Zipu ni moja, imenyooka. Kola haikunjuki; ni ukanda mfupi unaosimama kuizunguka shingo, unaofungwa kwa kifungo kimoja cha kubonyeza mbele ya koo. Hakuna mkanda kiunoni, kwa hiyo hakuna bizimu la kukwaruza tenki. Pindo ni la ngozi tupu, limekatwa moja kwa moja, na kwenye majaketi yaliyoshonwa vizuri mgongo ni mrefu kidogo kuliko mbele. Mikono ina zipu fupi kwenye vifundo ili ikaze.

Sasa tuchukue jaketi moja mezani. Ni jeusi, linang'aa, na muuzaji anasema ni baika la ngozi. Tunaanza na zipu: imenyooka katikati, kwa hiyo baika limeshatoka. Pindo halina lastiki, bomba nalo limetoka. Kola imesimama na ina kifungo kimoja, mikono ina zipu. Hili ni resa. Kazi hiyo haijachukua hata nusu dakika, na sasa tunaweza kuangalia kama hiyo ngozi ni ngozi.

Hapa muuzaji huwa anatoa kiberiti na kupitisha moto. Usiuamini mtihani huo. Ngozi halisi iliyopakwa rangi nzito inaweza kuyeyuka kidogo juu, na plastiki ikipitishiwa moto haraka inaweza isionyeshe chochote. Bora ugeuze mfuko au pindo kwa ndani, utafute sehemu ambayo ngozi imekatwa na haikukunjwa. Ngozi halisi pale kwenye mkato ina nyuzi zilizosokotana, kama karatasi nene iliyochanika. Ngozi bandia ina tabaka mbili zinazoonekana wazi: ngozi nyembamba ya plastiki juu, na kitambaa kilichofumwa chini. Kwenye jaketi letu tunaona nyuzi. Ni ngozi.

Ukaguzi huo ni muhimu zaidi hapa Dar kuliko mahali pakavu. Ngozi bandia nyingi hupakwa poliurethani, na unyevunyevu wa hewa huikata polepole hata jaketi likiwa kabatini tu. Kwanza inanata, halafu inabambuka vipande vidogo kama ngozi ya mtu aliyeungua na jua, ikianzia kwenye kola na kwenye viwiko. Ikishaanza hakuna dawa. Rangi ya viatu inaficha kwa siku chache tu. Kuifungia kwenye mfuko wa plastiki kunazidisha, maana unyevu unabaki humo humo. Kwenye meza, ikunje kola kwa nguvu na uangalie mkunjo: mistari iliyopasuka rangi ni dalili kwamba imeshaanza kufa.

Kinachofuata ni namna ngozi ilivyomaliziwa. Dondosha tone moja la maji mahali pasipoonekana. Likizama na kuacha doa jeusi linalopotea likikauka, rangi imeingia ndani ya ngozi na juu hakuna kizuizi. Utaona hata vitundu vya vinyweleo, navyo havikupangika sawasawa. Ngozi hii inapendeza kadiri inavyozeeka, lakini mvua ya masika na jasho vinaiachia alama. Tone likibaki juu kama shanga, ngozi imepakwa rangi nzito. Inavumilia mvua na kufutwa kwa kitambaa, ila ikikwaruzwa, rangi inatoka na huoni uzuri chini yake. Jaketi letu linalong'aa ni la aina hii ya pili, na kwa mtu wa pikipiki hilo si kosa.

Kosa liko kwenye unene. Libane kati ya kidole gumba na cha shahada: ni laini na jepesi kama glovu. Hii ni ngozi ya kondoo, na resa nyingi za mitindo hushonwa nayo. Inavalika vizuri jioni ya Julai, lakini kwenye lami inachanika upesi. Anayetaka jaketi la kumkinga akianguka atafute ngozi ya ng'ombe au mbuzi yenye uzito unaohisika mkononi, na nafasi za kuwekea pedi kwenye viwiko na mabega.

Mwisho rudi kwenye zipu, maana ndiyo inayoamua kama utampelekea fundi. Ifunge hadi juu, kisha vuta pande mbili taratibu. Meno yakiachana nyuma ya kichwa cha zipu, huenda ni kichwa tu kilichopanuka, nacho hubadilishwa peke yake. Nambari iliyo nyuma ya kichwa, kwa kawaida 5 au 8, ndiyo ya kumwonyesha muuza vifaa vya cherehani. Jino likiwa limeng'oka, zipu nzima inatoka. Hapo mwambie fundi apitishe sindano kwenye matundu yale yale ya zamani. Kitambaa huziba tundu la sindano, ngozi haizibi. Akishona mstari mpya kando ya ule wa kwanza, ukingo unabaki na matundu kama ya stempu, na siku ukivuta zipu kwa haraka unachanika humo humo.