Kioo hakijala chumvi, ni skeli ya 125

Mwezi huu pekee watu watatu wameniletea laptopu nzima kabisa wakitaka nibadilishe kioo. Maneno ni yale yale: "Fundi, kimeingia ukungu, hii chumvi ya bahari." Wa tatu ndiye aliyenichosha. Ni kijana wa Mlandege anayetengeneza mabango ya nyumba za wageni. Alishanunua waya mpya wa HDMI, ingawa kioo anacholalamikia ni cha laptopu, na kioo cha laptopu hakipiti HDMI hata kwa bahati mbaya.

Mashine yake ni Linux yenye mazingira ya Plasma 5.27, inaendesha Wayland, njia mpya ya programu kufikisha madirisha yake kwenye kioo. Laptopu ni ya inchi 14, monita ni ya inchi 24, zote 1920 kwa 1080. Kwa hiyo laptopu ina pikseli kama 157 kwa inchi, na monita 92 tu. Herufi iliyo sawa kwenye monita, kwenye laptopu inakuwa ndogo kama chembe ya mtama. Basi akaweka skeli, yaani ukuzaji wa maandishi na vitufe, asilimia 125 kwenye laptopu, na monita akaiacha 100. Hajakosea chochote hapo.

Kabla ya kushika bisibisi, nikamwambia: "Yakhe, tazama saa pale chini kwenye kona. Ina ukungu?" Haina. Nikamfungulia Kate, programu ya kuandikia, herufi kali kama wembe. Nikarudi kwenye GIMP, programu yake ya picha, ukungu. Kioo kilichokula chumvi hakichagui programu. Ikiwa dirisha moja lina ukungu na jirani yake kwenye kioo hicho hicho hana, kioo ni kizima. (Kama kila kitu kina ukungu, hadi saa, angalia kwanza rezolusheni. Kuna watu wanaishusha ili herufi zikue, halafu wanalalamika.)

Sasa kwa nini GIMP? Kwa sababu alikuwa na toleo la 2.10, ambalo limejengwa juu ya GTK2, maktaba ya kuchora madirisha na vitufe, na GTK2 haijui Wayland. Inapita kwa Xwayland, yaani bado inadhani inaongea na X11, njia ya zamani iliyokuwepo kabla ya Wayland. Kuwajua wote wanaopita njia hiyo, andika:

```
xlsclients
```

X11 ni ya mwaka 1987. Kwake yeye vioo viwili ni ubao mmoja mrefu, na ubao una kipimo kimoja tu cha herufi. Hakuna mahali pa kumwambia dirisha "ukiwa kushoto jikuze, ukivuka kulia punguza". Kwa hiyo GIMP inachora kwa skeli ya 1, kisha kompozita, yaani programu inayopanga madirisha yote kwenye kioo, kwa hapa KWin, inaivuta picha iliyokwisha kuchorwa mpaka ifikie 125.

Hapa ndipo watu wananikera, maana wanasema "si inakuza tu?" Haikuzi herufi, inavuta picha ya herufi. Kwa asilimia 125 laptopu ile ina eneo la 1536 kwa 864. Dirisha lililojaa linachorwa kwa ukubwa huo, halafu linanyooshwa hadi 1920 kwa 1080: kila pikseli nne zinatakiwa kujaza nafasi za pikseli tano. Chukua mstari mweusi wa pikseli moja juu ya karatasi nyeupe. Sasa unatakiwa kuwa na upana wa pikseli moja na robo. Robo ya pikseli haipo, kwa hiyo jirani anapakwa kijivu. Mstari unaofuata unaangukia mahali pengine, unapata kijivu pande zote mbili. Macho yako yanakusanya vijivu vyote hivyo na kuviita ukungu. Asilimia 200 haina balaa hili, kwa sababu pikseli moja inaweza kuwa mbili kamili. Shida yote imo kwenye hiyo robo.

Kate imeponaje? Novemba 2022 Wayland ilipata itifaki inayoitwa `fractional-scale-v1`. Kompozita inaiambia programu skeli kamili inayotakiwa, ikihesabiwa kwa sehemu za 120, kwa hiyo 125 inafika kama 150. Programu inayoielewa inachora pikseli 1920 moja kwa moja na hakuna wa kuivuta. Plasma 5.27 ya Februari 2023 inaijua, na programu zilizojengwa juu ya Qt, maktaba nyingine kama GTK, kuanzia toleo la 6.5 nazo zinaijua, Kate yake ikiwa mojawapo.

"Basi niweke GIMP mpya," akasema. Ndiyo, GIMP 3.0 ya Machi 2025 imehamia GTK3 na inaongea Wayland. Lakini GTK3 inajua skeli za namba nzima tu. Ikiona 1.25, inapanda hadi 2, inachora 3072 kwa 1728, halafu kompozita inabana pikseli nane ziingie kwenye tano. Kubana kunaumiza kidogo kuliko kuvuta, kwa sababu maelezo yalikuwepo na yanapunguzwa, hayabuniwi. Lakini ulaini haujaondoka. Nikiwa mkweli, mimi kwenye pikseli 157 kwa inchi siuoni mpaka nisogeze pua kwenye kioo, na huenda ni macho yangu yanayozeeka. Yeye aliuona papo hapo.

Kuna swichi ambayo kila mtu anaikimbilia. Kwenye mipangilio ya vioo ya Plasma, pale penye `Legacy applications`, kuna `Scaled by the system` na `Apply scaling themselves`. Yeye alikuwa kwenye ya kwanza. Ukichagua ya pili, KWin inaacha kuvuta na kuziachia programu za X11 zijikuze zenyewe. Tukaijaribu. Kwenye laptopu GIMP 2.10 ikawa kali, maandishi yakakua, lakini vitufe vyake vikabaki vidogo, maana GTK2 inafuata kipimo cha herufi tu. Tukaliburuta dirisha hadi kwenye monita. Ukungu umehamia huko! X11 ina skeli moja kwa ubao wote, KWin imechukua ile kubwa kuliko zote, 1.25, na kwenye monita ya 100 inalazimika kubana. Ukungu haukuondoka, umebadilisha nyumba.

Nisingejali sana kama angekuwa anaandika barua. Lakini alikuwa anasafisha picha za ngalawa kwenye laptopu, anaona tanga lina ukungu, anaongeza ukali, bado lina ukungu, anaongeza tena. Bango likatoka kwa mchapaji, kingo za tanga zina michirizi myeupe kama zimekatwa kwa mkasi. Picha ilikuwa kali tangu mwanzo. Alikuwa anairekebisha kompozita.

Tukarudisha `Scaled by the system`. Kazi ya picha ifanyike kwenye monita ya 100, ambako pikseli moja ya GIMP ni pikseli moja ya kioo, na laptopu ibaki 125 kwa barua na kivinjari. Kivinjari chake, ambacho ni Chromium, nacho kilikuwa kwenye orodha ya `xlsclients`, nikakifungua hivi kikatulia:

```
chromium --ozone-platform=wayland
```

Dirisha likikaa nusu huku nusu huko, skeli inayochaguliwa ni moja, na nusu moja italainika. Hilo sina dawa nalo zaidi ya kumwambia asiliache mpakani.

Alipokuwa anaondoka nikachungulia tundu la HDMI la laptopu. Lilikuwa na kutu ya kijani. Nikalisafisha kwa spiriti, sikumwambia.