Kalenda ya video fupi za wiki: anza na siku ya oda

Biashara ndogo nyingi ninazozisaidia huniletea kalenda yenye siku saba, na kila siku ina video yake. Huwa naiweka pembeni na kuuliza swali moja: mteja wako huamua kununua lini? Jibu hilo ndilo linalopanga wiki.

Chukua dada anayeoka keki nyumbani kwake Tabata, Dar es Salaam. Keki zake nyingi ni za Jumamosi na Jumapili: birthdei, sendofu, kipaimara. Anafunga oda Alhamisi saa sita mchana, kwa sababu baada ya hapo hana tena muda wa kununua vifaa na kuoka. Kwa hiyo video ya kuuza aliyokuwa akiiweka Ijumaa jioni, hata ikipendwa namna gani, ilimletea watu wa kuwajibu "samahani, nimeshafunga".

Tukahesabu kurudi nyuma kutoka Alhamisi, tukapata video mpya tatu tu kwa wiki. Jumapili usiku ni ya upambaji, isiyotaja tarehe yoyote. Jumatatu ni ya kujibu swali ambalo wateja huuliza kila siku, mfano keki ya kilo mbili inatosha watu wangapi: anaikata mbele ya kamera na kuvipanga vipande kwenye sahani. Jumanne anaonyesha keki tatu za bei tofauti, bei imeandikwa juu ya kila moja, pamoja na maeneo anayopeleka. Jumatano hana video mpya, ana tangazo la WhatsApp tu: oda zinafungwa kesho saa sita.

Tangazo hilo nililiweka WhatsApp kwa makusudi. Stetasi hutoweka baada ya saa 24 na huonwa na watu ambao tayari wana namba yake, kwa hiyo "kesho mwisho" inawafikia ikiwa bado ni kweli. Video ya TikTok au Reels inaweza kuendelea kusambazwa kwa watu wapya siku kadhaa baada ya kuwekwa. Ukisema ndani yake "leo tu", atakayeiona Jumapili ataona ofa iliyokufa. Ndiyo maana kwenye jedwali lake kuna safu inayouliza: video hii itakuwa kweli kwa muda gani? Ya siku moja inakwenda Stetasi, ya kudumu inakwenda TikTok na Instagram.

Kurekodi kunafanyika Ijumaa, siku anayopamba keki za watu. Simu inakaa kwenye stendi, imesimama wima, karibu na dirisha, naye anachukua vipande vya sekunde tano hadi kumi: krimu ikipakwa, ua likiwekwa, boksi likifungwa. Vipande vya Ijumaa hii ndivyo video za wiki ijayo. Faili safi anaihifadhi kabla ya kuiweka popote, kwa sababu Instagram ilishatangaza mwaka 2021 kwamba haitazipa nafasi kubwa Reels zenye alama ya programu nyingine. Maandishi ya bei anayaweka katikati ya picha. Yakikaa chini kabisa, kapsheni huyafunika.

Jambo moja linaloharibu ratiba nyingi za kwetu ni saa. Mtu anaandika "saa 2 usiku", msaidizi anaingiza 2:00 AM, na video inatoka watu wamelala. Kwenye jedwali andika saa kama simu inavyoionyesha, yaani 20:00 au 8:00 PM.

Kupima ni kazi ya daftari zaidi kuliko ya idadi ya watazamaji. Kila anayeweka oda anaulizwa ametuona wapi na ni video gani iliyomleta, jibu linaandikwa. Ukiona video imetazamwa sana na oda haziji, soma maoni kwanza. Kama wengi wanaandika "bei?" na "mko wapi?", video imeficha kitu ambacho mnunuzi anakihitaji. Kama wanaoandika wako Mwanza na Nairobi, imekwenda mbali kuliko pikipiki yako inavyofika, basi taja Tabata mwanzoni, kwa sauti na kwa maandishi. Na grafu ya watazamaji ikionyesha wengi wameondoka sekunde mbili za kwanza, badilisha picha ya kufungulia. Tulianza na keki iliyokwisha kukatwa badala ya salamu. Mimi hungoja wiki nne kabla ya kuhamisha siku yoyote, maana wiki ya mshahara na wiki ya katikati ya mwezi hazilingani.

Zipo pia video mbili za akiba, zisizo na bei wala tarehe, kwenye folda ya simu. Umeme ukikatika Ijumaa au mtoto akiugua, moja inatumika Jumapili, na Ijumaa inayofuata anarekodi ya kujaza nafasi yake.