Mkojo Kutakata Si Ushahidi Kwamba Kichocho Kimekwisha

"Mvulana akikojoa damu, anabalehe."

Unguja, Pemba na kando ya Ziwa Viktoria wapo wazee waliokua wakiamini hivyo, kwa kuwa karibu kila mvulana wa rika lao alikojoa damu. Hiyo si dalili ya kubalehe. Minyoo ya kichocho cha mkojo huishi kwenye mishipa ya damu inayozunguka kibofu, jike na dume wamekumbatiana, na jike hutaga mayai kila siku. Kila yai lina mwiba mdogo kwenye ncha moja. Mayai hutoboa ukuta wa kibofu ili yatoke na mkojo, na ndipo damu inapoonekana, hasa kwenye matone ya mwisho.

"Mkojo ni mweupe, kwa hiyo hana kichocho."

Damu ikiwa kidogo, jicho haliioni. Kinachothibitisha ugonjwa ni mayai, na njia ya kawaida ya kuyatafuta ni kuchuja mkojo. Mkojo huchukuliwa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, muda ambao mayai hutoka kwa wingi, na mtoto huambiwa akojoe mpaka tone la mwisho. Maabara huvuta mililita 10 kwa bomba la sindano, huzisukuma taratibu kupitia chujio lenye vitundu vidogo mno, kisha chujio huwekwa juu ya kioo na kusomwa lote kwa hadubini.

Kosa ninaloliona mara nyingi liko kabla ya hapo. Mayai ni mazito, hutuama chini ya kikombe. Mtaalamu asipotikisa mkojo kabla ya kuvuta, huchuja maji ya juu na kuandika "hakuna mayai". Tena idadi ya mayai hupanda na kushuka siku hadi siku, kwa hiyo mtoto anayeoga mtoni na ana dalili arudie kipimo siku nyingine, hata kama cha kwanza kilikuwa safi.

"Alimeza dawa na bado anakojoa damu, basi dawa ni bandia."

Hapa ndipo wazazi wengi hukata tamaa, na hawastahili lawama, maana hakuna aliyewaeleza. Chukua mvulana wa kilo 30 aliyekutwa na mayai 64 katika mililita 10. Kuanzia mayai 50, maambukizi huhesabiwa kuwa mazito. Prazikwanteli, ndiyo dawa ya kichocho, hutolewa miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, kwa hiyo anahitaji miligramu 1,200, yaani vidonge viwili vya 600 kwa mkupuo mmoja. Shuleni, ambako mizani haipo, kijiti cha kupimia urefu huonyesha idadi ya vidonge.

Dawa huua minyoo mikubwa. Mayai yaliyokwisha kunasa kwenye ukuta wa kibofu haiyaondoi, nayo huendelea kujipenyeza nje kwa wiki kadhaa, mengi yakiwa yamekufa. Minyoo michanga iliyoingia mwilini wiki chache tu zilizopita haifi kwa dawa hii, hukua na kuanza kutaga. Ndiyo maana kipimo cha marudio hufanywa baada ya kama wiki sita, na yakionekana mayai hai, dozi hurudiwa. Dawa hii pia si chanjo. Akirudi kuoga kwenye maji yenye konokono wa kichocho, ataambukizwa upya.

"Dawa hiyo ni sumu kwa watoto."

Mwaka 2008 mkoani Morogoro, ugawaji wa dawa shuleni ulisimamishwa baada ya vurugu zilizochochewa na uvumi kwamba watoto wanadhurika. Kichefuchefu, maumivu ya tumbo na kizunguzungu hutokea kweli, zaidi kwa mwenye minyoo mingi, na kwa kawaida hupita siku hiyo hiyo. Mtoto ale kwanza. Mpango unaogawa vidonge vichungu kwa watoto wenye njaa unajitafutia uvumi wenyewe.

"Kibofu kikishaharibika hakiponi," au kinyume chake, "dawa husafisha kila kitu."

Yote mawili si kweli. Mwili huzingira mayai yaliyonasa kwa uvimbe mdogo mdogo. Mtoto akitibiwa mapema, ultrasaundi mara nyingi huonyesha ukuta wa kibofu ukirudi katika hali nzuri ndani ya miezi kadhaa. Maambukizi yakijirudia miaka mingi, huacha makovu na chokaa, mirija ya kutoka kwenye figo hubanwa, na figo hujaa mkojo. Hapo prazikwanteli huzuia madhara mapya tu. Tangu 1994, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeorodhesha maambukizi haya miongoni mwa visababishi vya uhakika vya saratani ya kibofu. Mtu mzima ambaye damu inaendelea miezi mingi baada ya dozi sahihi, wakati mayai hai hayaonekani tena, asiongezewe vidonge. Apelekwe apigwe ultrasaundi na kibofu kichunguzwe kwa kamera.