Kodi ya chumba na mishahara usigawe kwa mauzo, ndugu yangu

Wiki hii nimeletewa tena daftari la steshenari ambalo mishahara imegawanywa kwa huduma kufuata mauzo. Ni la tatu mwaka huu. Mwenye duka ananiambia, "Mhasibu, kopi zinanila. Niziache, nibaki na kuprinti."

Tazama hesabu yake. Kwa mwezi anauza milioni 2, na mishahara ya mabinti wawili wa kaunta ni 500,000, kwa hiyo kila huduma anaikata robo ya mauzo. Mteja wa kopi hutoa kurasa 25 kwa shilingi 50, yaani 1,250. Karatasi na tona ni 875, mshahara 312, anabaki na kama 60. Mteja wa kuprinti hulipa 200 kwa kurasa mbili. Karatasi na tona 80, mshahara 50, anabaki na 70. Kurasa mbili zinashinda ishirini na tano! Kwenye daftari, labda.

Nilikaa kaunta na saa yangu. Kopi, dakika nne. Kuprinti, tano: nitumie Wasapu, haijafika, nitumie kwa barua pepe, nywila nimesahau, mstari wa mwisho umerukia ukurasa wa tatu. Mashine yenyewe inafanya kazi sekunde chache tu. Kinacholiwa ni muda wa binti, na mauzo hayajui hilo.

Sasa bei ya dakika. Hapa ndipo wengi wanaponikera, hata wenye vyeti: wanagawa 500,000 kwa dakika zilizotumika, 16,000, wanapata 31. Gawa kwa dakika ambazo mabinti wangeweza kuhudumia, kama 25,000 kwa wote wawili. Ni shilingi 20. Zile dakika 9,000 za kukaa bure, sawa na 180,000, ziandike peke yake. Ukimbebesha mteja, mwezi wa likizo bei yako itapanda, wateja watapungua, nayo itapanda tena.

Kwa shilingi 20, kopi inabakiza 295 na kuprinti 20, kabla ya kodi na umeme. Umeme niliugawa harakaharaka kwa kurasa. Kodi sikuigawa kabisa; chumba ni kimoja, na kipimo chochote ningekibuni tu.

Nina mashaka yangu. Binti akijua anapimwa huharakisha, kwa hiyo ile tano huenda ni saba. Halafu anayeprinti ukurasa mmoja mara nyingi hutoa kopi 30 za huohuo. Hao ni wateja wawili au mmoja? Na akiacha kuprinti, mshahara haupungui hata senti.

Kwa hiyo sikumshauri aache chochote. Nilimwambia atoze 300 ya kufungua faili, kisha 50 kwa ukurasa. Amekubali kujaribu, ila kwa wasio na fleshi tu.