Rotoskopi: mtu hakatwi kipande kimoja

Wengi wanaoanza rotoskopi, yaani kumtenga mtu na mandhari ya video kwa kumchorea mstari pembeni, humzungushia mstari mmoja tangu utosini hadi nyayoni, kama anayekata picha ya pasipoti kwa mkasi. Mtu akisimama tuli, sawa. Akikunja kiwiko tu, nukta za mstari zinavurugana, na ukicheza klipu ukingo unatetemeka kama uji unaochemka.

Mwili hugawanywa penye viungo. Kichwa kina maski yake, yaani umbo lake lililozungushiwa mstari, kiwiliwili yake, mkono juu ya kiwiko yake na chini ya kiwiko yake, zikipishana kidogo pale kiungoni. Nukta ziwe chache, na iliyoanzia kwenye kiwiko ikae kwenye kiwiko hadi mwisho. Ikiteleza kuelekea begani, mtetemo umerudi.

Dhana nyingine: lazima uchore kila fremu. Tuseme una klipu ya sekunde 2 yenye fremu 25 kwa sekunde, yaani fremu 50. Dada anacheza na kanga nyekundu. Unataka yeye abaki na rangi, barabara iwe nyeusi na nyeupe. Usiende 0, 1, 2, 3, maana vikosa vidogo vya kila fremu ndivyo vinavyotetemesha ukingo. Tafuta pale mkono unapogeuza mwelekeo, labda fremu ya 0, 14, 31 na 49. Weka maski hapo, programu ijaze katikati. Kisha kagua 7, 22 na 40, usahihishe palipokosea tu.

Kuna wanaoamini mstari mkali ndio usafi. Mkono unaopita kasi kamera huunasa ukiwa na ukungu, na mstari mkali juu yake huonekana kama karatasi iliyobandikwa. Pitisha mstari katikati ya ukungu, ulainishe ukingo kwa mkono ule, kwa fremu zile. Ukilainisha mwili mzima ili kuficha uvivu (nimeshafanya hivyo), kichwa kinavaa pete ya barabara yenye rangi.

La mwisho linawaponza hata wazoefu: kwamba maski ikiwa safi, efekti yoyote itakaa vizuri. Kwa kazi yetu ya rangi, nakili leya, yaani tabaka la video, ziwe mbili. Ya chini iondoe rangi, ya juu iwe na maski. Ukikosea pikseli moja hakuna atakayeona, kwa sababu chini yake pana picha ileile. Lakini ukitaka kutia ukungu mandhari ya nyuma, dada yumo pia kwenye leya ya chini. Ukungu unasambaza wekundu wa kanga, na unamwona amezungukwa na wingu jekundu hata kama maski haina dosari. Ukihangaika na maski hapo unapoteza usiku bure. Mfute kwanza kwenye leya ya chini, ujaze nafasi yake kwa barabara kutoka fremu ambazo ameshasogea, ndipo utie ukungu.