Kwa nini ukigawanya kwa sehemu unaipindua na kuzidisha

Wanafunzi wengi wanaikariri kanuni hii: ukiona kugawanya kwa sehemu, pindua sehemu ya pili kisha zidisha. Jibu linapatikana, lakini sababu yake haionekani. Tuitafute kwenye mafuta ya kula.

Una lita 2 za mafuta, na unataka kuyajaza kwenye chupa zinazobeba robo tatu ya lita, yaani 3/4. Utajaza chupa ngapi? Swali hilo ndilo 2 ÷ 3/4. Tunauliza 3/4 ziko ngapi ndani ya 2, kama vile 8 ÷ 2 inavyouliza 2 ziko ngapi ndani ya 8.

Anza na robo. Lita moja ina robo 4, kwa hiyo lita 2 zina robo 8. Hapo umezidisha: 2 × 4 = 8. Hii 4 imetoka kwenye asili, ile namba ya chini ya 3/4, kwa sababu asili ndiyo inayosema kizima kimekatwa vipande vingapi.

Lakini chupa moja haijai kwa robo moja, inataka robo 3. Basi zile robo 8 zipange tatu tatu: 8 ÷ 3. Hii 3 ni kiasi, yaani namba ya juu.

Sasa tazama ulichofanya. Umezidisha kwa 4, kisha ukagawanya kwa 3. Kufanya hivyo ni sawasawa na kuzidisha kwa 4/3, na 4/3 ni 3/4 iliyopinduliwa:

2 ÷ 3/4 = 2 × 4/3 = 8/3 = 2 2/3

Chupa mbili zinajaa, na mafuta mengine yanabaki. Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Kilichobaki ni robo 2, yaani nusu lita, kwa hiyo mwanafunzi anaandika 2 1/2. Swali halikuuliza lita, limeuliza chupa. Chupa inahitaji robo 3 na wewe unazo 2, kwa hiyo umeijaza theluthi mbili: 2/3. Ukiihesabu nusu lita hiyo peke yake, kanuni inasema vilevile: 1/2 ÷ 3/4 = 1/2 × 4/3 = 4/6 = 2/3.

Kosa lingine ni kupindua namba ya kwanza. Mafuta hayapinduliwi, kwa kuwa ndiyo yanayogawanywa. Kinachopinduliwa ni kipimo cha chupa. Anayepindua 2 atapata 1/2 × 3/4 = 3/8, hata nusu chupa haifiki! Chupa inabeba chini ya lita moja, hivyo idadi ya chupa lazima izidi idadi ya lita.

Ukiwa na shaka, rudisha jibu kwenye chupa: 8/3 × 3/4 = 24/12 = 2. Lita zako zimerudi zote.