Mkate ulioungua si lazima uwe hasara

Mikate tisa ikitoka tanurini imeungua, mwenye bekari husema amekula hasara. Mfuko wa unga ukitoa mikate michache kuliko alivyotarajia, husema vivyo hivyo. Jioni mikate ikirudi kutoka maduka ya Mwanakwerekwe haijauzwa, ni hasara tena. Mimi huandika hesabu za bekari ndogo ndogo hapa Unguja, na kila safari naona mambo matatu tofauti yameingizwa safu moja ya daftari. Kisha mwenyewe anauliza kwa nini hajui boflo lake linamgharimu kiasi gani.

Maana zenyewe ni fupi. Upungufu ni uzito unaopotea njiani, kati ya vitu ulivyotia kwenye mashine na mikate iliyopoa juu ya meza. Mikate mibovu ni ile iliyofika mwisho wa safari lakini haiuziki kwa bei yake: imeungua, imebonyea, haikuumuka, au imeshikana na bati ikachanika. Vyote viwili, vikiwa katika kiwango cha siku zote, ni sehemu ya gharama ya mikate mizuri. Hasara ni kile kinachozidi kiwango hicho, nacho hakiingii kwenye gharama ya mkate hata kidogo. Huandikwa peke yake na hukatwa kwenye faida ya kipindi kile. Kiwango cha kimataifa cha hesabu za mali ghalani, IAS 2, kinasema hivyo hivyo: malighafi, nguvukazi na gharama nyingine zilizopotea kupita kawaida zisitiwe ndani ya thamani ya bidhaa.

Tuanze na upungufu, kwa sababu huo ndio unaotisha watu bure. Chukua mchanganyo mmoja wa mfuko wa kilo 50 za unga wa ngano, pamoja na lita 29 za maji, kilo 3 za sukari, kilo moja na nusu ya mafuta, kilo moja ya chumvi na nusu kilo ya hamira. Jumla ni kilo 85. Sehemu yake inabaki kwenye mashine, mikononi na mezani, na nyingine kidogo inatoka kama hewa unga unapoumuka, kwa sababu hamira inakula sukari na kutoa gesi. Tuseme mezani zinapatikana kilo 82.8, yaani madonge 180 ya gramu 460 kila moja. Yakishaokwa na kupoa, kila mkate una gramu 400. Kwa hiyo umeingiza kilo 85, umetoa kilo 72. Mwenye bekari anapiga hesabu na kusema amepoteza asilimia 15.

Kweli uzito umepotea asilimia 15. Lakini kilo 10.8 kati ya hizo 13 zimetokea tanurini na wakati wa kupoa, nazo karibu zote ni maji yaliyotoka kama mvuke. Mkate usiopoteza maji haujaiva. Maji hayo hukuyanunua kwa bei ya unga, kwa hiyo asilimia 15 ya uzito si asilimia 15 ya fedha. Ila usiupuuze pia, maana mnunuzi anataka gramu 400 za mkate uliopoa, na ili zipatikane lazima donge liwe na gramu 460. Tanuri likiwa halijashika moto vizuri, mikate hukaa ndani muda mrefu zaidi na kukauka zaidi. Hapo gramu 460 hazitoshi tena, fundi anaongeza donge, na unga unaoongezwa ni wa kununua. Ukitaka kujua, pima mikate iliyopoa. Ule wa moto bado unatoa mvuke, nao utakudanganya kwa gramu kadhaa.

Hapo ndipo penye kitu ambacho sijaona mtu akikiita hasara, na ningefurahi mno angekiita. Fundi anayekata madonge kwa kukadiria na mkono, bila mizani, huogopa mkate kupungua, kwa hiyo anakata makubwa. Akikata gramu 480 badala ya 460, kilo zile zile 82.8 zinatoa madonge 172. Mikate minane imetoweka. Hakuna ulioungua na hakuna wa kuoneshana. Imegawanywa vipande vya gramu 20 kwa wateja ambao hawakuomba wala hawatashukuru. Mwenye bekari anapita mbele ya pipa la mikate mibovu akiguna, huku kiasi kama hicho kinatoka mlangoni kila siku kikiwa kimefungwa vizuri.

Sasa mikate mibovu. Tuweke bei za mfano: vitu vya mchanganyo vyote shilingi 100,000, kuni na umeme 20,000, mishahara na gharama ndogo ndogo 51,000. Jumla ni 171,000 kwa mikate 180, yaani 950 kwa mmoja. Hii 950 ndiyo namba ambayo wengi huiandika ukutani. Lakini daftari la siku za kawaida linaonesha kwamba katika kila 180, tisa hivi hazifai. Anayelipia tisa hizo ni mikate 171 inayobaki. Gawa 171,000 kwa 171, upate shilingi 1,000. Hiyo ndiyo gharama ya boflo moja. Hakuna aliyekosea siku hiyo na hakuna hasara iliyotokea. Mikate mibovu tisa ni gharama kama kuni zilivyo gharama.

Kama mfuga kuku anaichukua ile tisa kwa shilingi 200 mmoja, zile 1,800 hazihesabiwi kuwa mauzo ya bekari. Zinapunguza gharama ya mikate mizuri: 171,000 toa 1,800, gawa kwa 171, inakuwa kama 989. Ukiziandika kwenye mauzo, fedha ni zile zile lakini gharama ya mkate itasomeka kubwa kuliko ilivyo.

Hapa pana kosa la hesabu linalojirudia hata kwa waliosoma. Mtu anajua ubovu wake ni asilimia 5, anachukua 950 na kuongeza asilimia 5, anapata 997 na senti. Jibu ni kugawa 950 kwa 0.95, siyo kuzidisha kwa 1.05, kwa sababu asilimia 5 ni ya mikate yote iliyookwa, na wanaobeba mzigo ni wale 95 waliosalimika. Kwenye boflo tofauti ni shilingi mbili na nusu, utasema si neno. Kwa fundi wa sare za skuli ambaye vipande vinavyoanguka chini ya mkasi ni asilimia 20 ya kitambaa alichonunua, si jambo dogo tena. Kila kitambaa cha shilingi 10,000 kinachoingia ndani ya nguo kimehitaji kununuliwa kitambaa cha 12,500. Akiongeza asilimia 20 tu atahesabu 12,000, na zile 500 atazitoa mfukoni mwake kwa kila sare bila kujua zinakwenda wapi.

Tuje kwenye hasara yenyewe. Siku moja umeme unakatika mikate ikiwa ndani ya tanuri la umeme, jenereta inachelewa kuwaka, na mikate 49 inatoka haifai. Mizuri ni 131. Ukigawa 171,000 kwa 131 utapata shilingi 1,305 kwa mmoja, na nimeona watu wakiipeleka namba hiyo kwenye bei ya kesho yake. Muuza duka wa Darajani hajali tanuri lako lilizimika. Atanunua kwa jirani yako ambaye halikumzimikia. Zaidi ya hapo, namba yenyewe haisemi kweli: boflo halikugeuka kuwa ghali kutengeneza, ni kwamba siku ile palitokea tukio. Katika zile 49, tisa zingeharibika hata umeme ungekuwepo. Zilizozidi ni 40. Tukiacha pembeni fedha za kuku, mikate mizuri 131 inabaki na gharama yake ya 1,000 kila mmoja, na ile 40, nayo kwa 1,000 kila mmoja, inaandikwa hasara ya shilingi 40,000. Jumlisha 131,000 na 40,000, unarudi kwenye 171,000 yako. Hakuna kilichofichwa, na ukifika mwisho wa mwezi unaona kwa macho jenereta mbovu imekula kiasi gani, badala ya kuzitafuta fedha hizo ndani ya bei ya mkate.

Ubishi unaonifuata huwa huu: umeme ukikatika kila wiki, si imeshakuwa kawaida? Ndiyo, na hapo mhasibu hana njia ya kukimbia. Kinachotokea mara kwa mara hata ukaweza kukitarajia kinaingia kwenye kiwango, na bei lazima ikibebe. Lakini hapo ndipo kiwango kinapoanza kunenepa. Asilimia 5 inakuwa 7, saba inakuwa tisa, na kila mmoja anasema ndivyo ilivyo. Neno kawaida kwenye hesabu maana yake ni kinachotarajiwa kazi ikifanywa ipasavyo kwa vifaa ulivyonavyo. Ndiyo maana kiwango hutolewa kwenye daftari la wiki kadhaa za kazi ya kila siku, si kwenye wiki ya fundi mgeni wala mwezi wa Ramadhani ambapo saa za kuoka na idadi ya mikate vyote vimebadilika. Kikishawekwa hakiguswi mpaka kuwe na sababu unayoweza kuitaja.

Na ile mikate inayorudi kutoka madukani? Ilikuwa mizuri ilipotoka tanurini. Haimo kwenye upungufu wala kwenye ubovu wa bekari. Ni gharama ya kuuza, matokeo ya kupeleka mingi kuliko inayolika. Ukiisaga ukauza chenga kwa wapika katlesi, utakachopata kitapunguza gharama hiyo ya kuuza, wala hakiingii kwenye gharama ya kuoka. Mwokaji asilaumiwe kwa kosa la anayepanga gari.

Kwa hiyo, ndugu yangu mwenye bekari, utakapokuta mikate tisa myeusi kesho alfajiri, iandike kwenye safu yake, mpigie mfuga kuku, uendelee na kazi. Ikifika 15, andika tisa pale pale pa siku zote na sita kwenye hasara, kisha muulize fundi wa tanuri hizo sita zilitokea batini gani. Na kabla hujamgombeza, mpelekee mizani yule anayekata madonge.